Kipimo kikiangukia karibu na kikomo: ukanda wa tahadhari na kanuni ya uamuzi

Kipimajoto cha kidijitali chenye kihisi cha waya kimetolewa kwenye friji ya chanjo na kuletwa maabara ya ugezi (wengine husema kalibresheni). Mteja anataka kujua kama kosa lake liko ndani ya ±0.5 °C. Umekipima kwenye 5 °C, na kosa limetoka +0.42 °C. Je, kimefaulu?

Kwa haraka utasema ndiyo, maana 0.42 ni ndogo kuliko 0.5. Lakini 0.42 si kosa halisi la kifaa. Ni makadirio yako ya kosa hilo, na makadirio yana shaka. Ukiwa na shaka ya ±0.20 °C, kosa halisi linaweza kuwa 0.30 na linaweza kuwa 0.60. Maelezo haya yanaonyesha namna ya kutoka kwenye namba hiyo hadi kwenye neno "kinakidhi" au "hakikidhi" unaloweza kulitetea mbele ya mkaguzi, na kwa nini maabara mbili zenye namba zilezile zinaweza kutoa hukumu tofauti bila yeyote kukosea.

Maneno manne yatatumika mfululizo. Kikomo (L) ni mpaka aliouweka mteja au kiwango, hapa 0.5 °C. Shaka ya kipimo (U) ni ule upana unaouandika kwenye cheti kwa k = 2, yaani uhakika wa takriban asilimia 95; nusu yake ni u. Ukanda wa tahadhari (w) ni kipande unachokikata ndani ya kikomo ili shaka isikuponze. Kikomo cha kukubali (A) ndicho kinachobaki:

```
A = L - w
```

Kipimo kinalinganishwa na A, hakilinganishwi na L. Hesabu yenyewe ni hiyo tu. Ugumu wote uko kwenye kuchagua w, na kwenye kuichagua kwa wakati wake.

## Hatua ya 1: Kubalianeni kanuni kabla ya kupima

ISO/IEC 17025:2017, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji na ugezi, inataka jambo hili lifanyike wakati wa kupokea kazi. Kifungu 7.1.3 kinasema mteja akiomba tamko la kukidhi au kutokidhi, vigezo na kanuni ya uamuzi vielezwe waziwazi, na kanuni hiyo aelezwe mteja na aikubali, isipokuwa kama tayari imo ndani ya kiwango chenyewe kilichoombwa.

Watu wengi hulichukulia hili kama karatasi ya kujaza tu. Sivyo. Ukisubiri uone 0.42 ndipo uchague kanuni, umeshachagua hukumu. Mwenye kutaka kifaa kipite atachagua w ndogo, na mwenye kuogopa lawama atachagua w kubwa. Kwa hiyo fomu ya kupokea kazi iwe na mistari mitatu iliyojazwa na kusainiwa kabla kifaa hakijawashwa: kikomo ni kipi na kimetoka wapi, w itakokotolewaje, na kifaa kikiangukia ndani ya ukanda kitaitwa nini.

Mteja wa kawaida hawezi kukuambia "nataka w = U". Muulize kwa lugha yake: ni kipi kitakachomgharimu zaidi, kifaa kibovu kuitwa kizima, au kifaa kizima kuitwa kibovu? Kwa friji ya chanjo, jibu lina mwelekeo. Kipimajoto chenye kosa la chanya husoma juu kuliko uhalisia: kikionyesha 2.0 °C, ndani kuna kama 1.6 °C. Kosa la aina hii linakusogeza upande wa kuganda, na chanjo kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B huharibika zikigandishwa. Kwa sababu hiyo hakuna kinachokulazimisha uweke ukanda wenye upana mmoja pande zote mbili. Mteja anaweza kukubali w kubwa upande wa chanya na w ndogo upande wa hasi, mradi iandikwe.

## Hatua ya 2: Hakikisha U yako ni ya kazi hii

Ukanda hujengwa juu ya U, hivyo U ya kubahatisha huzaa ukanda wa kubahatisha. Kosa linaloonekana sana ni kuchukua U iliyoandikwa kwenye wigo wa ithibati ya maabara na kuiweka kwenye kila cheti. Ile ni shaka ndogo kabisa ambayo maabara inaweza kuifikia kwa kifaa kizuri. Kifaa kilicho mbele yako kina hatua zake za onyesho na tabia yake ya kurudia usomaji, na vyote hivyo lazima viingie.

Kwa kipimajoto chetu, kazi imefanyika kwenye chemba ya hewa. Vyanzo vinne vinatosha kuonyesha picha, vyote vikiwa vimeshageuzwa kuwa u:

Kipimajoto rejea kina U ya 0.05 °C kwenye cheti chake, kwa hiyo mchango wake ni 0.025. Tofauti ya joto kati ya mahali kilipo kihisi rejea na kilipo kihisi cha mteja ndani ya chemba ni hadi ±0.15 °C, gawa kwa kipeuo cha pili cha 3, unapata 0.087. Onyesho la mteja linaruka kwa 0.1 °C, yaani ±0.05, na mchango wake ni 0.029. Kurudiarudia kwa usomaji kumetoa 0.03.

```
u = sqrt(0.025^2 + 0.087^2 + 0.029^2 + 0.03^2) ≈ 0.10
U = 2 × 0.10 = 0.20 °C
```

Itazame ile 0.087. Chemba peke yake imebeba zaidi ya robo tatu ya mraba wote wa shaka. Kumbuka hilo, tutalirudia baada ya kupata hukumu.

## Hatua ya 3: Kokotoa A kwa kanuni mliyokubaliana

Kanuni zinazokutana na fundi wa ugezi mara nyingi ni nne. Tuzipitishe zote juu ya 0.42 yetu, tuone.

Kukubali bila ukanda. w = 0, A = 0.50. Kifaa kinakidhi. Kanuni hii inaruhusiwa, na mteja akiitaka usimkatalie, ila aambiwe gharama yake: kipimo kikitua hasa juu ya kikomo, uwezekano wa kifaa kuwa nje ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Ndiyo maana mahali inapotumika kwa busara huambatana na sharti juu ya ukubwa wa U. Kwenye vipimo vya kisheria, kwa mfano, mizani hupimwa kwa mawe ambayo kosa lake halizidi theluthi moja ya kosa linaloruhusiwa kwa mizani. Shaka imeshadhibitiwa huko nyuma, ndipo kikomo kinatumika kama kilivyo. Kwetu U ni 0.20 dhidi ya 0.50, theluthi imepitwa.

Ukanda wa U nzima. w = 0.20, A = 0.30. Hii ndiyo iliyozoeleka zaidi katika mwongozo wa ILAC-G8:09/2019 wa ILAC, shirika la kimataifa la ithibati za maabara. Kipimo kikiwa ndani ya A, uwezekano wa kifaa kuwa nje ya kikomo hauzidi asilimia 2.5. Kwetu 0.42 imevuka 0.30, kifaa hakiwezi kuitwa "kinakidhi".

Ukanda wa 0.83U. Hii ni njia ya ISO 14253-1, iliyozaliwa kwenye vipimo vya vipuri vya viwandani. Inataka uhakika wa asilimia 95 wa upande mmoja, yaani w = 1.65u. Kwetu w = 0.165, A = 0.335. Hakipiti.

Asilimia 2 ya Kimarekani. Kiwango cha ANSI/NCSL Z540.3 cha 2006 kinataka uwezekano wa kukubali kimakosa usizidi asilimia 2. Njia moja inayotumika sana kuutimiza huanza na uwiano wa kikomo kwa shaka:

```
TUR = L / U            = 0.5 / 0.20 = 2.5
M   = 1.04 - exp(0.38*ln(TUR) - 0.54)  = 0.21
A   = L - U*M          = 0.5 - 0.20*0.21 = 0.458
```

Na hapa kifaa kinapita, maana 0.42 ni ndogo kuliko 0.458.

Namba moja, shaka moja, hukumu mbili ndiyo na mbili hapana. Kinachowachanganya wengi ni hiyo ya mwisho: inadai asilimia 2, ya ILAC inadai asilimia 2.5, lakini ya asilimia 2 ndiyo iliyolegea. Sababu ni kwamba asilimia hizo hazihesabu kitu kimoja. Ile ya Z540.3 inatazama msururu mzima wa vifaa vinavyopita maabarani: katika vyote vinavyoletwa, ni vingapi vitakuwa vibovu na bado vikapitishwa. Vingi huja vikiwa na makosa madogo, mbali na kikomo, na hivyo hushusha wastani. Ile ya ILAC inasimama mbele ya kifaa hiki kimoja na kuuliza: kwa namba hii, hiki kina uwezekano gani wa kuwa nje? Mwenye vipimajoto elfu moja nchi nzima anaweza kuridhika na swali la kwanza. Zahanati yenye kimoja tu haina msururu wa kuufichia wastani.

## Hatua ya 4: Kokotoa uwezekano wa kifaa hiki

Hata kama kanuni haikulazimishi, piga hesabu hii. Inageuza "karibu na kikomo" kuwa namba ambayo mteja anaielewa. Kwenye Excel andika:

```
=1-(NORM.DIST(0.5,0.42,0.1,TRUE)-NORM.DIST(-0.5,0.42,0.1,TRUE))
```

Ya kwanza ndani ya kila mabano ni kikomo, ya pili ni kosa ulilopima, ya tatu ni u. Angalia: ni u, si U. Kuweka 0.2 badala ya 0.1 ndilo kosa linalofanyika sana hapa, na utaligundua kwa sababu jibu linaruka hadi asilimia 34. Kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato badala ya mkato kati ya namba.

Jibu ni 0.21. Yaani ukikiita kifaa hiki kizima, kuna takriban nafasi 1 kati ya 5 kwamba umekosea. Kwa mteja, sentensi hiyo ina uzito kuliko kurasa mbili za cheti.

Ukitaka kukadiria kichwani, gawa umbali uliobaki hadi kikomo kwa u. Hapa 0.08 gawa kwa 0.10 ni 0.8. Umbali wa sifuri ni asilimia 50, wa 0.8 ni 21, wa 1.65 ni 5, na wa 2 ni kama 2.3. Njia hii ya mkato inafaa pale U ilipo ndogo kiasi ukilinganisha na kikomo. U ikikaribia ukubwa wa L, kikomo cha upande wa pili nacho huanza kuingia kwenye hesabu, na kwa w = U eneo la kukubali linatoweka kabisa U inapofikia L. Maabara ikifika hapo haina haki ya kutoa tamko lolote la kukidhi kwa kifaa hicho. Imekosa zana, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa.

## Hatua ya 5: Chagua maneno ya hukumu

Kanuni yenye majibu mawili ina "kinakidhi" na "hakikidhi" tu. Chini ya w = U, 0.42 inaitwa "hakikidhi" ingawa uwezekano mkubwa, asilimia 79, ni kwamba kifaa ni kizima. Hiyo ndiyo bei ya ukanda: kila unapopunguza nafasi ya kupitisha kibovu, unaongeza nafasi ya kukataa kizima. Hakuna w inayopunguza vyote viwili.

Ndiyo maana kwa vifaa vya aina hii napendelea kanuni yenye majibu manne. Hadi 0.30 ni "kinakidhi". Kati ya 0.30 na 0.50 ni "kinakidhi kwa sharti". Kati ya 0.50 na 0.70 ni "hakikidhi kwa sharti". Kuzidi 0.70 ni "hakikidhi". Kipimajoto chetu kinaangukia kundi la pili. Neno "kwa sharti" lisiachwe likining'inia. Kwenye cheti lifuatwe na maelezo kwamba kipimo kiko ndani ya kikomo ila umbali uliobaki ni mdogo kuliko shaka.

Cheti chenyewe, kwa kifungu 7.8.6.2, kionyeshe tamko linahusu matokeo yapi, ni kigezo kipi kimekidhiwa au hakikukidhiwa, na kanuni gani imetumika. Mfano wa maneno yanayotosha:

> Kosa kwenye 5 °C: +0.42 °C; U = 0.20 °C (k = 2). Kikomo: ±0.5 °C, kama alivyoagiza mteja. Kanuni ya uamuzi: w = U, majibu manne. Tamko: kinakidhi kwa sharti. Tamko hili linahusu nukta ya 5 °C pekee.

Hiyo sentensi ya mwisho si urembo. Kifaa kilichopimwa kwenye 2, 5 na 8 °C kina matamko matatu, na hukumu ya jumla hufuata nukta mbaya kuliko zote.

## Hatua ya 6: Kabla ya kukataa, punguza shaka

Sasa turudi kwenye ile 0.087 ya chemba. Kifaa kimekwama ukandani si kwa sababu ya ubovu wake tu. Nusu ya tatizo ni mahali kilipopimiwa. Kihisi chake kina waya, kwa hiyo kinaweza kuingia kwenye bafu la kimiminika.

Kama kihisi kimo ndani ya kichupa cha glaikoli, kitoe kwanza, maana kichupa kinachelewesha joto na utasoma kabla hakijatulia. Kifunge kihisi cha mteja na kile rejea pamoja, ncha zikiwa usawa mmoja, na uvizamishe kina kimoja cha kutosha ili joto la chumba lisiteremke kupitia waya. Lakini thibitisha kwanza kwamba kiungo cha kihisi na waya hakipitishi maji. Ncha ikipenya maji, usomaji utaanza kuhama polepole na hautatulia, na kifaa utakuwa umekiharibu wewe. Chukua visomo kumi, dakika moja baina ya kimoja na kingine, rejea ukiisoma kwa sehemu ya mia.

Ndani ya bafu tofauti ya joto imeshuka hadi ±0.03 °C, mchango wake 0.017. Vingine vimebaki vilevile:

```
u = sqrt(0.025^2 + 0.017^2 + 0.029^2 + 0.03^2) ≈ 0.052
U = 2 × 0.052 = 0.104, kwenda juu: 0.11 °C
A = 0.5 - 0.11 = 0.39 °C
```

Tazama kwamba 0.42 ya zamani isingepita hata kwa A hii mpya. Na hairuhusiwi kuchukua kosa la chemba ukalivisha shaka ya bafu. Kila kipimo huenda na U yake. Kwenye bafu, wastani wa kifaa ni 5.40 na rejea ni 5.04, kosa +0.36. Sasa kiko ndani ya 0.39, kinaitwa "kinakidhi" bila sharti. Uwezekano wa kuwa nje, ukirudia fomula kwa 0.36 na 0.052, ni chini ya asilimia 1.

Huku si kurudia kipimo hadi kikubali. Kurudia kulekule kwa chemba ileile mpaka itoke 0.29 ni udanganyifu, hata kama kila kisomo ni cha kweli. Tofauti ni kwamba hapa njia imebadilika, bajeti ya shaka imeandikwa upya, na matokeo ya kwanza yanabaki kwenye kumbukumbu. Kama bafu lingetoa 0.45, hiyo ndiyo ingekuwa hukumu.

## Panapoharibika

Kukadiria namba kabla ya kulinganisha. Kwenye chemba, A ilikuwa 0.30. Kifaa chenye kosa la 0.34 kikiandikwa kwa desimali moja kinakuwa 0.3, na programu ya cheti inakipitisha. Linganisha kwanza kwa namba kamili, kisha ndipo ukadirie kwa ajili ya kuchapisha. U yenyewe ikikadiriwa, ikadiriwe kwenda juu.

Kukata mara mbili. Maabara imetoa U, halafu mteja akipokea cheti naye anatoa tena U ileile kwenye kikomo chake. Kifaa kizima kinatupwa. Angalia pia kama kikomo alichokupa mteja si kikomo cha kukubali ambacho mtu ameshakikata. Vikomo vya ndani vya kiwanda mara nyingi viko hivyo.

Kusahau masahihisho. Kama mteja anatumia kipimajoto kwa kutoa 0.36 kwenye kila kisomo, swali la ±0.5 halimhusu tena. Kinachomhusu ni shaka ya hayo masahihisho. Lakini usidhani anafanya hivyo. Nesi anayesoma friji saa mbili asubuhi na saa kumi jioni huandika kinachoonekana kwenye kioo.

Kurekebisha kabla ya kuandika. Kifaa kina skrubu au menyu ya kusawazisha, fundi anakisawazisha, anapima, anatoa cheti safi. Hukumu ya hali kiliyokuja nayo imepotea, na hiyo ndiyo iliyokuwa inamwambia mteja kama rekodi za friji za mwaka mzima zinaaminika. Pima kwanza, hukumu kwa kanuni mliyokubaliana, andika. Kisha sawazisha, pima tena, hukumu tena kwa kanuni ileile.